Naomba ushauri: ukinzani kati ya tufe mbili zenye kitovu kimoja, nianze na mkondo au na uga?

Habari wakuu. Nina tufe ya chuma ya nusukipenyo a = sm 2 ndani ya ganda la b = sm 4, na katikati kuna maada inayopitisha umeme kidogo, σ = 0.01 S/m.

Kwanza nilitumia R = L/(σA), nikakwama: eneo la ndani linanipa omu 398, la nje 99. Eneo linabadilika njia nzima, basi nikaanza upya. Mkondo I ule ule unavuka kila tufe ya kufikirika, kwa hiyo:

```
J = I/(4πr²)
E = J/σ
V = I/(4πσ) · (1/a − 1/b)
R = V/I = (1/a − 1/b)/(4πσ)
```

Jibu ni omu 199 hivi. Hapo nimeridhika, maana nikiikuza b bila kikomo R inaishia omu 398, haipandi tena. Tabaka za mbali ni pana mno kuzuia chochote.

Tatizo langu ni pale σ inaporuka kuwa 0.02 kuanzia sm 3 kwenda nje. Rafiki yangu anaanza na E ya 1/r² kwa chaji ya tufe ya ndani pekee, kama kwenye kapasita. Mimi naona J ndiyo inayobaki 1/r², na E inashuka nusu ghafla mpakani, kwa hiyo lazima kuna chaji imejikusanya pale. Kwa njia yangu napata omu 166.

Je, niko sahihi? Na chaji hiyo ya mpakani ni hasi, au nimekosea alama?