Naomba ushauri: simulizi ya windo la simba Ruaha

Ndugu wanakikundi, ninaandika hapa Iringa simulizi ya kipande cha filamu cha sekunde 90, ambamo simba jike wananyemelea nyati kwenye madimbwi ya Mto Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi. Nimefuta kila sentensi inayorudia kinachoonekana, nikabakiza mbili za mwanzoni: “Mto umeacha kutiririka. Nyati hawana pengine pa kunywa.” Baada ya hapo zinasikika kwato tu, na napenda ibaki hivyo. Tatizo ni jike aliyejificha ng’ambo, anayengoja kundi litimuliwe kwake. Picha yake hupita haraka mno, na asipotambuliwa, shambulio litaonekana la bahati. Je, nimtaje kabla ya mbio, au nimwombe mhariri arefushe picha yake nami ninyamaze? Nikimtaja, niache ukimya wa sekunde ngapi kabla ya shambulio?