Tupeane uzoefu: kichekesho cha nyumbani ukikiandika upya kwa Kiingereza, walioko ng'ambo wanacheka?

Nyar_Kondele
Wanajamvi, hamjambo. Kwenye kundi la ukoo wetu mjomba huandika habari za nyumbani kila mwisho wa mwezi, kwa Kiswahili chake cha stendi, na watu hucheka mpaka wanapigiana simu. Mimi nimeachiwa kazi ya kuziandika tena kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto waliozaliwa Minnesota na Leicester, ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye chapati. Juzi alisimulia jinsi mzee wetu alivyokosa firigisi mbele ya wakwe kule Shinyalu. Huku watu walivunjika mbavu. Kule nikajibiwa kidole gumba kimoja, na binamu akauliza kama mzee anaumwa. Na maneno yote yako sawa, hata mwalimu wa Kiingereza hapa jirani aliyapitia. Aliyewahi kupitia haya atuambie alifanyaje.

Boda_Mamboleo
Hapo hapo. Mimi waliniuliza, "Halafu?" Na habari ilikuwa imeisha!

Fundi_Ahero
Dada, hiyo ni rahisi. Mwishoni weka maelezo: firigisi ni nini, huliwa na nani, kwa nini. Watoto wa kule wamezoea kuelezwa kila kitu. Mimi huweka hata picha.

Mwalimu_Lurambi
Fundi, picha sina ugomvi nayo. Maelezo ya mwisho ndiyo yanayoua. Mtu ukimweleza kwa nini alipaswa kucheka, atakuitikia kwa adabu na kuendelea na shughuli zake. Nimeandika barua za kanisa letu kwa wana wetu wa nje miaka mingi, nawajua.

Nyar_Kondele, hebu tubandikie hapa maneno ya mjomba mwenyewe.

Nyar_Kondele
Haya mwalimu:

"Tukakaribishwa. Bakuli likaja limefunikwa. Mzee akanawa, akakohoa kidogo, akafunua. Akageuza paja, akageuza shingo, akachungulia chini ya mchuzi. Kimya jii. Akauliza kwa upole: Kwani huyu kuku alizaliwa bila firigisi? Mama mkwe akamwangalia Brayo. Brayo akaangalia dari."

Mwalimu_Lurambi
Mjomba wako anajua kazi yake. Sasa tazameni. Msomaji wa Kakamega kabla hajafika kwenye bakuli anajua tayari kwamba kuku amechinjwa kwa heshima ya mgeni, kwamba firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa, na kwamba kuikosa ukweni ni karibu kuitisha kikao cha wazee. Kijana wa Leicester hajui lolote kati ya hayo. Anachoona ni mzee mwenye njaa anachokora mchuzi. Ndiyo maana binamu akauliza kama anaumwa, na alikuwa na haki.

Hayo anayokosa mpe kabla ya bakuli kufunuliwa, na asiyapate kwako mwandishi. Ayapate kwa mtu aliye ndani ya kisa. Mimi ningeanzia jikoni asubuhi. Mama mkwe ana mwiko mkononi, wajukuu wamezunguka sufuria, naye anawaonya: "Firigisi ni ya mgeni wetu mzee. Atakayeigusa leo atalala na kuku waliobaki." Kisha mstari mmoja tu: Brayo ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Basi, nenda moja kwa moja mezani.

Hapo hujafundisha mila ya mtu, umesikika ukigombeza watoto. Lakini bakuli likifunuliwa, yule wa Leicester anajua kitu ambacho mzee hajui, na jicho lake linamtafuta Brayo kabla mama mkwe hajageuka. Huku tulicheka kwa sababu ya aibu ya ukweni. Yeye atacheka kwa sababu ya Brayo. Si kicheko kile kile, ila mzee amebaki na heshima yake na hakuna aliyepewa somo.

Kingine ni zile "akanawa, akakohoa, akafunua". Kwetu ile "ka" inavuta hadithi bila kuchosha. Kwa Kiingereza ukiziunganisha kwa "na halafu, na halafu", mjomba anasikika kama mtoto anayesimulia likizo. Weka nukta. Tendo moja, nukta. "Jii" iache ilivyo, maana wataisikia tu. Na lile swali la mzee usiongeze kwamba aliuliza kwa mzaha. Ule upole wake ndio mzaha wenyewe.

Nyar_Kondele
Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nakaa leo usiku naiandika upya.

Fundi_Ahero
Lakini na mimi nilisema waelezwe!

Boda_Mamboleo
Ulisema mwishoni, fundi. Wewe ni wa kufunga breki baada ya kugonga.

Sekta58
Samahani kuwakatiza. Nyanya aliacha wosia kwa Kiswahili, na wakili wa ndugu yangu huko nje anautaka kwa Kiingereza. Mwalimu unatoza ngapi kwa ukurasa? Niko Nakuru.

Mwalimu_Lurambi
Ndugu yangu, huo usiulete kwangu. Tafuta mtafsiri anayeweza kuapa kwamba hakuongeza wala kupunguza. Hapa tumetoka kumwongezea mama mkwe mwiko na maneno ambayo hakuyasema. Kwenye wosia hilo lingewapeleka nyote mahakamani.

Binti_Bahati
Mmenikumbusha ya kwetu, na sijui kama mtaniamini.

Ni harusi ya dada yangu, hapa Nakuru. Shosho akashika mstari wa mugithi tangu jioni na hakuuachia. Vijana wanatoka kukaa, yeye anazunguka hema. Asubuhi kaka yangu akaandika kwenye kundi: "Jamani, Shosho ametuacha hoi jana usiku." Sote tukaelewa, tukaweka vicheko. Sasa kuna binamu yetu aliyekuwa amejitolea kuwaandikia wa Dallas kwa Kiingereza. Alikuwa ndani ya matatu, ana haraka, ile "hoi" hakujua aiweke wapi. Akairuka. Akaandika kwamba Shosho ametuacha jana usiku.

Kule kulikuwa bado giza. Shangazi aliamka kwenda maji, akasoma, akapiga ukemi. Kufikia saa sita yetu mchana kamati ilikuwa imeundwa, ina mwenyekiti na mweka hazina, michango imeanza kuingia na mchungaji wa huko amekwisha fungua kwa maombi kwenye simu. Sisi tuko hemani tunavunja viti, hatujui kitu. Mjomba mmoja akakata tiketi. Shangazi akasema ngoja nipige namba ya marehemu, labda atapokea aliyebaki na simu. Akapokea Shosho. Shangazi akakata simu, akaizima kabisa.

Ilichukua hadi jioni kueleweka. Na zile pesa Shosho alikataa zirudishwe. Alisema zimekuja kwa jina lake, kilichokosewa ni tarehe tu.

Boda_Mamboleo
Kilichokosewa ni tarehe tu!! Nimesimamisha pikipiki kando ya barabara.

Mama_Naliaka
Na tiketi?

Binti_Bahati
Haikurudishiwa pesa. Mjomba alikuja, akamkuta marehemu anamenya viazi.

Sekta58
Aliacha wosia?

Omwami_Khayega
Tuache Shosho apumzike, yaani apumzike akiwa hai. Mimi nina swali. Nusu ya vichekesho vya nyumbani ni utani: Mluhya na kuku, Mjaluo na viatu vya bei. Hivyo vinavuka maji au vinaachwa?

Jaber_Milimani
Viachwe. Mke wa kaka yangu ni mzungu. Alisoma utani wa aina hiyo kwa Kiingereza, akamuuliza mumewe kama tunachukia majirani zetu. Kwa Kiswahili unasikia mtu anatabasamu. Kwa maandishi ya Kiingereza unasikia kabila limetukanwa.

Omwami_Khayega
Basi mjomba wa Kondele atabaki na nini? Hali ya hewa? Sisi ni watani, tunazikana na kuoana. Wakifutiwa hilo, hao watoto watajua nini kuhusu kwao?

Jaber_Milimani
Watajua watu. Andika Omondi alinunua viatu akasahau kulipa kodi ya nyumba. Huyo ni Omondi. Ukiandika Wajaluo, ni kesi.

Omwami_Khayega
Mbona mfano wako ni Omondi na si Wafula?

Jaber_Milimani
Kwa sababu huyo Omondi ni kaka yangu, na viatu niliviona.

Mama_Naliaka
Mtu akijitania mwenyewe iachwe, akimtania jirani ipunguzwe. Kwangu inafanya kazi.

Omwami_Khayega
Inafanya kazi kwa sababu hukumpunguzia Mluhya kuku wake hata siku moja.

Boda_Mamboleo
Tukiwa hapo, msisahau saa. Kikao chetu kiliandikwa "saa mbili usiku". Kijana akaipeleka kwa Kiingereza kama mbili ya usiku, watu wa Minnesota wakahesabu kutoka hapo, wakaingia kwenye kikao tumeshalala. Ilitakiwa waambiwe saa nane jioni ya Kenya kwa hesabu ya kizungu. Wakati wa joto kwao hiyo ni saa sita mchana yao. Wakati wa baridi ni saa tano asubuhi.

Fundi_Ahero
Ndiyo maana nasema maelezo.

Mwalimu_Lurambi
Hapo nakubaliana nawe kabisa, fundi. Kwenye saa, pesa na namba ya kulipia hakuna ucheshi. Eleza mpaka uchoke.

Wa_Leicester
Nawasoma kimyakimya toka jana. Mimi nasoma Kiswahili, watoto wangu hawasomi, hivyo napata habari zote mbili, ya huko na ile ya Kiingereza. Niwaambie kinachotuumiza: mnatupunguzia watu. Mjomba anaandika "Mama Naliaka alifika kabla ya chai", huko mnacheka kwa sababu mnamjua. Kiingereza kinasema mama fulani alifika mapema. Mwanangu hajui kwamba huyo ni shangazi yule yule aliyemtumia karanga. Ongezeni maneno machache tu, "shangazi yako wa karanga, ambaye hajawahi kukosa chai ya mtu", na mtoto ataanza kumtafuta kwenye kila habari. Safari ya tatu hamtahitaji kumtambulisha, akitajwa tu atacheka.

Na salamu msizikate zote. Najua mjomba anasalimia ukoo mzima mpaka ng'ombe, na kwa Kiingereza inakuwa ndefu. Bakizeni ng'ombe. Ukiingia moja kwa moja kwenye habari, halafu mwisho ukaweka namba ya mchango, huku tunaisoma kama bili ya maji.

Mama_Naliaka
Kwani mimi nimefikaje huko Leicester?

Wa_Leicester
Ni mfano tu, mama.

Mama_Naliaka
Na karanga nilituma kweli.

Mwalimu_Lurambi
La salamu mimi hukata zote isipokuwa ya kwanza. Dada wa Leicester amenifanya nifikirie tena, ingawa ng'ombe sijui nitamweka wapi kwenye barua ya kanisa.

Nyar_Kondele
Nimeirudisha jana usiku, na jiko, na mwiko, na Brayo kuitikia. Binamu wa Minnesota amepiga simu akicheka, anataka kujua Brayo alilala wapi. Shida imetokea huku. Mama yake Brayo ameona ile ya Kiingereza, anadai firigisi ililiwa na paka na anataka niandike masahihisho. Mjomba amekataa kata kata. Mwalimu, nifanyeje?

Boda_Mamboleo
Muulize paka aliitikia kwa sauti gani.