Familia mbili, ufunguo mmoja, nao wanasema "kalenda imesawazishwa"

Wakuu, sitautaja, kwa kuwa kila mwenye nyumba ya wageni humu anaufahamu mtandao ule wa kuweka nafasi za vyumba unaotukata kamisheni bila kupepesa macho. Jioni hii nimesimama barazani mbele ya familia mbili, kila moja imeninyooshea simu yenye uthibitisho wa chumba namba 2 kwa usiku uleule, nami nimeshika ufunguo mmoja kama mwamuzi aliyemeza filimbi. Nilipowapigia huduma kwa wateja, nikajibiwa kwamba "kalenda yako imesawazishwa". Watoto wanne wamekalia mabegi, nayo imesawazishwa! Mgeni wa kwanza aliweka nafasi ya leo kwenye mtandao mwingine saa 8:10 mchana, na wa pili akaweka kwao saa 9:00. Dakika 50 zinamtosha konokono kufikisha taarifa.

Ufunguo wa Akiba: Umebandika kiungo cha kalenda upande mmoja tu. Cha mtandao wa kwanza kiweke kwenye wa pili, na cha wa pili kwenye wa kwanza, tatizo litakwisha kabisa.

Mleta uzi: Vimebandikwa pande zote. Watoto wanne, ndugu yangu, juu ya mabegi!

Bawabu Mstaafu: Pande zote ni lazima, ila hakumalizi. Kiungo hakipeleki habari popote. Ni faili linalokaa mahali pake likisubiri mtandao wa pili uje kulisoma kwa ratiba yake, ambayo huweza kuwa ya saa kadhaa. Palipo na kiungo huandikwa lilisomwa lini mara ya mwisho. Kwako panasemaje?

Mleta uzi: Saa 7:45 mchana.

Bawabu Mstaafu: Basi walisoma dakika 25 kabla mgeni wa kwanza hajaweka nafasi, wakakuta usiku wa leo uko wazi, wakaendelea kuuza kwa habari hiyo. "Imesawazishwa" yao ina maana tu kwamba faili lilisomeka. Ukipata mgeni aliyeweka nafasi ya siku hiyohiyo, nenda mara moja kwenye mtandao wa pili ukabonyeze kitufe cha kusoma kalenda upya, kwani kukibonyeza kwenye ule uliompokea mgeni hakusaidii kitu. Au funga tarehe kwa mkono.

Godoro Jipya: Kwa hiyo ujumbe wa mgeni wa kwanza uliupata saa 8:10, ukakaa nao dakika 50. Konokono tumemfahamu.

Mleta uzi: Nilikuwa natandika kitanda! Hicho hicho kimoja!

Chumba cha Nyuma: Afadhali yako umejaza. Mgeni wangu alighairi wiki iliyopita, lakini chumba kinaonekana kimejaa kwenye mitandao yote miwili.

Bawabu Mstaafu: Huenda mmoja unamrudishia mwenzake tarehe alizozisoma kwake, kila mmoja akidhani ni za mwingine. Ondoa kiungo kimoja, futa tarehe hizo pande zote, kisha ukirudishe.

Chumba cha Nyuma: Nimeondoa, nimefuta, nimerudisha. Zimerudi nazo.