Huyu mjuaji wetu wa hadithi za kijasusi sasa amezidi

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kaingia mgeni kwa adabu zake zote, kauliza swali moja tu: anataka kuanza kufuatilia hadithi za kijasusi, aanzie wapi? Yule bwana kamjibu kwa mstari mmoja: "Anza na Tinker Tailor Soldier Spy. Ukishindwa, rudi kwenye katuni zako za James Bond."

Rudi kwenye katuni zako! Mtu hata hajakaa, keshatukanwa.

Filamu ile ya 2011 ni nzuri sana, hilo sibishi. Lakini inakumwagia washukiwa watano wa usaliti ndani ya ofisi moja ya kijasusi, kila mmoja na jina lake na jina la siri juu yake, halafu hadithi inaruka nyuma na mbele bila kukushika mkono. Dalili ya kukusaidia ni miwani: mwanzoni Smiley, jasusi anayemsaka msaliti, anapata miwani mipya, kwa hiyo ukimwona na ile ya zamani ujue mmerudi nyuma. Yule bwana alimwambia mgeni habari za miwani? Wapi! Kamrushia jina la filamu, kamalizia na katuni. Mgeni atapotea ndani ya nusu saa, ataona akili yake ndiyo mbovu, na hataigusa tena hadithi ya kijasusi mpaka siku ya kiyama.

Na hizo "katuni" anazozidharau, hebu aitazame From Russia with Love ya 1963. Bond anakabidhiwa mkoba mweusi wa ngozi. Ndani mna risasi, kisu cha kurusha, bunduki ya kukunja, sarafu 50 za dhahabu, na mkebe wa poda wenye gesi ya machozi. Na mkoba una sharti: kabla ya kuufungua lazima uzilaze vifungo kwanza. Ukiufungua kama mikoba mingine, gesi inakulipukia usoni. Unaelezwa hayo mapema, kisha filamu inakaa kimya. Baadaye kwenye treni Bond kapigishwa magoti, kaelekezewa bastola, hana kitu mkononi. Anachofanya ni kumtamanisha adui dhahabu, mpaka adui mwenyewe anaamua kuufungua mkoba wa pili wa aina ileile. Mtazamaji anajua kitakachotokea, adui hajui. Hiyo ni katuni?

Kilichoharibu sifa ya vifaa ni mambo kama lile gari lisiloonekana la Die Another Day, 2002. Halina sharti, halimgharimu mtu chochote, linatokea pale mwandishi alipokwama. Kwa hiyo mgeni aanze na mkoba, akipenda aende kwenye giza la kina Smiley. Ndiyo kauli yangu. "Rudi kwenye katuni zako." Bado damu inachemka.

Mtu wa Kivuli: Mleta uzi, kunywa maji. Mtu kasema sentensi moja wewe umetuletea hukumu ya kurasa kumi. Hata hivyo yuko sahihi. Le Carré aliyeandika Tinker Tailor alikuwa bosi wa MI6, ujasusi wa nje wa Uingereza, aliandika alichokijua. Fleming, baba wa Bond, alikuwa mwandishi wa magazeti tu, alijitungia.

Mzee wa Faili: Kivuli, umepatia nusu. Le Carré alifanya kazi MI5, ujasusi wa ndani, kisha MI6, lakini hakuwahi kuwa bosi. Alikuwa ofisa wa kawaida aliyejificha nyuma ya kazi ya ubalozi Bonn. Na Fleming wakati wa vita kuu ya pili alikuwa msaidizi wa mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza. Wote wawili waliijua kazi. Mmoja aliandika kuchoka kwake, mwingine aliandika ndoto zake.

Kuhusu mgeni, mimi simpi mkoba wala miwani. Ningempa The Spy Who Came in from the Cold, kitabu cha 1963. Ni kifupi, na kinamfuata mtu mmoja, Leamas, kwa mstari ulionyooka. Kinaanzia kwenye kizuizi cha mpakani Berlin. Leamas anamsubiri mtu wake avuke, mtu anakuja kwa baiskeli, anapigwa risasi akikaribia kufika. Kuanzia hapo tazama jinsi chambo kinavyotengenezwa. Anahamishiwa idara ya fedha, anaanza kulewa hadharani, anaondoka kazini kwa aibu, anapata kibarua cha maktaba, anampiga muuza duka, anafungwa. Yote hayo ili upande wa pili wamwone kama mtu aliyeishiwa, anayeweza kununuliwa. Hakuna kifaa hata kimoja. Kifaa ni maisha yake mwenyewe, na msomaji hakabidhiwi mpango mzima. Kosa la wasomaji wapya ni kuziruka kurasa za ulevi wakitafuta risasi. Ukiziruka hizo, mwisho hautakuuma.

Dada Chai: Samahani, hivi ili uajiriwe ujasusi unatakiwa uwe umesoma nini? Mdogo wangu ana diploma ya kompyuta.

Mtu wa Kivuli: Dada, uzi wa ajira siyo huu 😂

Mleta uzi: Mzee wa Faili nakuheshimu, na kitabu hicho nakipenda kuliko vyote, lakini kitamvunja moyo mgeni. Mwisho wake ni mzito mno kwa mtu wa kwanza. Na hata wewe umemshauri bila kumtukana! Ungemwambia "rudi kwenye katuni zako"? Usingemwambia!

Mzee wa Faili: Nisingemwambia. Lakini uzito si kosa la kitabu. Anayetaka kujua hadithi za aina hii zinaweza kufika wapi, bora aujue mapema.

Bwana Saa Sita: Nyie wote mmelala. Mgeni apewe The Day of the Jackal, 1971. Muuaji wa kukodiwa anamwinda De Gaulle, rais wa Ufaransa. De Gaulle alikufa 1970, tena kifo cha kawaida, kwa hiyo unapofungua kitabu unajua jaribio la kumuua litashindwa. Bado unatetemeka! Sababu ni hatua: jamaa anatafuta kaburi la mtoto aliyefariki mdogo, anaomba cheti cha kuzaliwa kwa jina hilo, kisha anaombea pasipoti. Halafu bunduki ya kutengenezewa, anaijaribia porini kwa kulipiga tikiti. Hapo umepata ukweli na kifaa kwa pamoja.

Mtu wa Kivuli: Huyo ni muuaji wa kukodiwa. Jasusi yuko wapi hapo?

Bwana Saa Sita: Pasipoti bandia, jina la uongo, kuvuka mipaka. Unataka nini tena?

Mtu wa Kivuli: Nataka mtu anayeiba siri. Huyo haibi siri yoyote. Kwa hesabu yako kila mhalifu mwenye pasipoti bandia ni jasusi.

Kalamu Nyekundu: Kinachonikera mimi ni kwamba mmetaja Waingereza watupu. Willy Gamba, jasusi wa vitabu vya Musiba, mmemzika? Kufa na Kupona ni ya 1974, imeandikwa kwa Kiswahili, mgeni haulizi neno hata moja. Mtu anaulizwa kwa Kiswahili, anamjibu mgeni kwa majina ya London.

Bwana Saa Sita: Willy Gamba ni Bond tu mwenye jina jingine.

Kalamu Nyekundu: Bond aliwahi kupigania ukombozi wa nani? Fungua uzi wako tubishane huko.

Bwana Saa Sita: Nafungua sasa hivi. Kivuli njoo na wewe, hatujamalizana na Jackal.

Dada Chai: Na diploma ya kompyuta inatosha au mpaka digrii?