Jibu la "nipo likizo" limenikosesha mzigo wa mbao. Tutume tena lini?

Paini wa Mafinga
Kamwene wakuu. Nimekasirika, naomba mnisome mpaka mwisho.

Nauza mbao za paini hapa Mafinga. Jumatatu tarehe 14 Julai nilimtumia profoma afisa manunuzi wa kampuni moja ya ujenzi Dar: mbao 600 za 2x4 na 300 za 2x6, pamoja na usafiri. Aliniomba mwenyewe kwa simu. Chini niliandika bei inadumu siku 14, maana bei ya magogo huku haitulii na wenye malori nao kila wiki wana lao. Haikupita dakika likarudi jibu la kompyuta: nipo likizo, nitarejea Jumatatu tarehe 28 Julai, kwa jambo la haraka wasiliana na mwenzangu ofisini. Mwenzangu yupi? Jina hakuna, namba hakuna, imeili hakuna.

Ijumaa tarehe 18 nikaituma tena ile ile. Niliwaza, kama bado yuko likizo, jibu lile litarudi. Halikurudi. Nikaamini amekatisha likizo, yuko ofisini anaisoma. Simu sikupiga, nisionekane king'ang'anizi. Mbao nikazitenga chini ya turubai, na mteja wa Makambako aliyetaka zile za 2x6 nikamkatalia. Tarehe 30 napiga simu, naambiwa muuzaji alishachaguliwa Alhamisi tarehe 24. Walikuwa na profoma tatu mezani, yangu haimo. Jamaa mwenyewe ndio kwanza alikuwa na siku mbili tangu arudi!

Mtu anafungaje ofisi bila kutaja anayemkaimu? Na kwa nini lile jibu linakuja mara moja kisha linanyamaza? Sisi tunaotuma tujue vipi?

Kijana wa Kihesa
Pole kaka. Ukipata jibu la likizo ujue imeili haijafika, imezuiwa mlangoni. Ndiyo maana hawakuiona. Ungetuma kila siku asubuhi mpaka siku anayorudi, ingekaa juu kabisa.

Seva ya Soweto
Kijana wa Kihesa, hapo kwenye kufika umekosea. Jibu la likizo ni ushahidi kwamba imeili imefika kwenye sanduku lake. Isiyofika inarudishwa na mtambo unaoitwa "Mail Delivery Subsystem" au "Mailer-Daemon", na inasema wazi imeshindikana. Mbao zako, mkuu, zilikuwa ndani kabisa, ila hakuna aliyefungua sanduku.

Nimesimamia mitambo ya imeili ya ofisi hapa Mbeya miaka kadhaa, na swali hili nimelijibu mara nyingi. Kichwa cha lile jibu kilisomekaje?

Paini wa Mafinga
Kinaanza na "Automatic reply:" halafu kichwa changu nilichoandika.

Seva ya Soweto
Basi ni Outlook ya ofisi. Mtambo ule humjibu kila mtumaji mara moja tu kwa kipindi chote cha likizo. Unakumbuka anwani yako, na ukituma mara ya pili au ya kumi haukujibu tena. Umewekwa hivyo ili mitambo miwili yenye majibu ya namna hiyo isijibizane usiku kucha. Gmail ina taratibu yake: ukiendelea kumwandikia mtu, inakurudishia baada ya siku nne, si kabla. Kwa hiyo ukimya wa tarehe 18 haukumaanisha chochote. Hakuwa amerudi, wala hakuwa amekudharau.

Unaweza kupima kwa kutuma kutoka anwani nyingine ambayo haijawahi kumwandikia. Jibu likija, bado ameliwasha. Lisipokuja, bado huna uhakika, kwa sababu Outlook ina jibu la watu wa ndani na jibu la watu wa nje, na la nje linaweza kuzimwa au kuwekwa kwa anaowafahamu tu.

Paini wa Mafinga
Yaani ningetegemea tarehe aliyoandika tu, si ukimya. Sawa, nimekuelewa. Hasira yangu kwa aliyeandika "mwenzangu" bado ipo pale pale.

Mama Tosa
Na iwepo! Mimi kuna ofisi nimeiandikia Mei, nikajibiwa kwamba mhusika atarejea tarehe 2 Januari. Miezi minne hajaligusa. Hiyo tarehe ya kutegemea iko wapi hapo?

Seva ya Soweto
Dada, tarehe ikiwa imeshapita, jua tu amesahau kuzima. Huyo mchukulie kama yupo, na umfuatilie kama kawaida.

Parachichi Njombe
Naomba kuuliza, hili jibu la likizo kwenye simu linawekwaje? Nasafiri wiki ijayo.

Seva ya Soweto
Gmail: fungua mipangilio ya akaunti yako, tafuta "Vacation responder". Na utaje jina na namba ya atakayebaki, tafadhali, umeona yaliyompata mwenzako.

Mama Tosa
Nirudi kwako mwenye uzi. Nimekaa meza ya manunuzi Iringa mjini miaka mingi, nikwambie tunavyofanya. Mtu akirudi likizo anakuta imeili mia na zaidi. Asubuhi ya kwanza anafuta, hasomi. Anayetuma saa mbili siku hiyo anaingia kwenye fagio. Mimi nilikuwa nawajibu waliotuma siku ya pili, saa nne hivi. Ila kwako wewe hilo lisingesaidia hata kidogo. Bei yako ilikuwa inakufa tarehe 28, siku ile ile anayorudi. Ulipoziona tarehe hizo mbili zimegongana, ulitakiwa kupiga simu ya mapokezi siku ile ile ya 14, ukauliza nani anakaimu, kisha umpelekee huyo.

Seva ya Soweto
Na ampelekee kwa kufowadi ile ya kwanza, ili tarehe 14 ionekane na profoma ibaki imeambatanishwa. Lakini kwa mhusika mwenyewe akisharudi, ingia "Sent", fungua ile ya kwanza, bonyeza "Reply", na hakikisha kwenye "To" kuna anwani yake, si yako. Atapata mazungumzo yote kwa pamoja. Angalia jambo moja: "Reply" haibebi kiambatanisho. Weka profoma upya, yenye tarehe mpya. Nimeona watu wanatuma "rejea profoma hapo chini" na chini hakuna kitu.

Kijana wa Kihesa
Ila kuwa juu kwenye sanduku kunasaidia, hilo mkubali.

Mama Tosa
Kunasaidia siku akiwepo mezani. Ukituma kila siku akiwa hayupo, atazikuta kumi zinazofanana na hatajua profoma ipi ndiyo ya mwisho.

Paini wa Mafinga
Haya, nina nyingine mkononi leo Ijumaa tarehe 1 Agosti, nisije nikarudia. Mteja mwingine, jibu lake linasema anarejea Alhamisi tarehe 7. Bei yangu inaisha Jumanne tarehe 12. Ijumaa tarehe 8 ni Nane Nane, ofisi zimefungwa. Nitume lini?

Seva ya Soweto
Alhamisi mchana. Ukingoja Jumatatu tarehe 11 unabakiwa na siku mbili tu.

Mama Tosa
Mimi nasema Jumatatu saa nne. Alhamisi ile mtu ana siku moja ya kazi kabla ya mapumziko ya siku tatu, hatafungua profoma ya mtu yeyote.

Seva ya Soweto
Dada, Jumatatu hiyo hana nafasi ya kupeleka kwa bosi asaini.

Paini wa Mafinga
Mkiwa mnabishana, mimi Jumatatu hii tarehe 4 saa tatu napiga mapokezi. Nikipata jina la anayekaimu namfowadia hapo hapo. Muda wa bei nimeshauongeza mpaka tarehe 19 kwa profoma mpya, mwenye lori amekubali. Nitaleta mrejesho.