Nywele zinapungua utosini, kidevuni zinaota, na hedhi haina tarehe: jee, ni jambo moja?

BintiWete27

Asalaam alaykum. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo kwa miaka minne nimelihesabu kuwa mambo matatu, na sasa naanza kushuku kuwa ni moja.

La kwanza ni nywele za kichwani. Njia ninayoichana katikati ilikuwa nyembamba nilipomaliza skuli, na leo kidole changu cha mwisho kinalala ndani yake, ilhali nywele za kwenye paji na za pembeni zipo vile vile. Sizioni zikijaa kwenye kitana wala kwenye mto; zinazidi kuwa laini na chache tu. La pili ni kidevu, ambako zilianza nywele mbili tatu nyeusi na ngumu nilizokuwa nikizing'oa kwa kibano mara moja kwa mwezi, na sasa nafanya hivyo kila baada ya siku mbili kabla ya kwenda kusomesha. La tatu ni hedhi. Sikuwa mtu wa kuandika tarehe, lakini nilitanabahi kwa sababu ya kulipa funga: Ramadhani mbili mfululizo sikudaiwa hata siku moja, na mama akaniambia nina bahati. Nilipoanza kuandika, nafasi ya kwanza ilikuwa siku 47, ya pili 63, na iliyofuata ikapita miezi mitatu, kisha ikaja damu ya siku 11.

Kila tatizo nililipeleka kwake. Msusi aliniuzia mafuta, duka la dawa likanipa krimu ya uso, na kituo kimoja cha afya kikanipa vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo vilinirudishia hedhi ya kila mwezi. Nilipokuwa katika pakiti ya tatu nilikwenda Unguja, na huko daktari mmoja akanipima damu na ultrasaundi ya juu ya tumbo, akaniambia ovari ni safi, testosteroni ni ya kawaida, kwa hiyo sina PCOS, ule ugonjwa wa ovari na homoni, na nisisuke nywele za kubana. Nikaacha vidonge. Leo ni siku ya 71 sijaona kitu. Nina miaka 27, kilo 54, urefu sentimita 160, na inshallah naolewa Mfungo Tatu. Jee, niliyoambiwa ndiyo mwisho wa habari?

MamaWawili_Mkoani

Mwanangu, mimi nywele zilinitoka mwezi wa nne baada ya kujifungua, nikawa nazizoa sakafuni kwa mikono miwili, na kabla mtoto hajatimiza mwaka na nusu zikarudi zenyewe bila dawa. Usijitie hofu. Paka mafuta ya habasoda na usubiri.

Kombo_Chake

Mimi upara ulinianza nikiwa na miaka 24, na kwetu ni jambo la ukoo. Hayo mafuta ya msusi yanaitwaje?

BintiWete27

Kaka Kombo, jina halina faida, kwani nilimaliza chupa tatu na njia ikazidi kupanuka. Bi Mkubwa wa Mkoani, ahsante, lakini mimi sijawahi kuzaa, na zangu hazitoki kwa wingi kama ulivyoeleza.

Shoga_wa_Darajani

Ninavyojua, PCOS ni ya wanawake wanene, na mwenye nayo hazai. Wewe ni mwembamba, kwa hiyo daktari amesema kweli. Misuko ya kubana inakula nywele, hilo nimeliona kwa dada yangu ambaye paji lake limepanda hadi nusu ya kichwa. Na punguza chai ya sukari, kwa sababu sukari inavuruga homoni.

Mkunga_Ngambo

Nimefanya kazi katika kliniki za akina mama kwa miaka mingi, na naomba nianze na dada wa Darajani, kwa sababu nusu ya maneno yake ni ya kweli. Misuko ya kubana huondoa nywele, lakini huziondoa pale zinapovutwa, yaani kwenye paji na juu ya masikio, na ndivyo ilivyomfika dada yake. Binti Wete ametueleza kinyume chake: paji limebaki, na katikati ndiko kunakopanuka. Hiyo ni alama ya mzizi wa nywele unaosinyaa taratibu, kila mzunguko ukitoa unywele mwembamba kuliko uliopita, na mara nyingi nyuma yake kuna homoni za kiume. Mwanamke yeyote anazo homoni hizo kwa kiasi kidogo. Zinapozidi, mizizi ya utosini husinyaa na ile ya kidevuni huamka, kwa sababu mizizi ya sehemu hizi mbili haiitikii homoni kwa namna moja. Ndiyo maana mtu yule yule hupoteza juu na kuota chini, na ovari zikiwa katika hali hiyo yai halipevuki kwa wakati wake, hedhi nayo ikakosa tarehe.

Sasa kuhusu majibu ya Unguja. PCOS hutambuliwa kwa mambo matatu, nayo ni hedhi isiyo na mpango, dalili au kipimo cha homoni za kiume zilizozidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Mtu mzima akiwa na mawili kati ya hayo inatosha, ilimradi magonjwa mengine yanayofanana yametafutwa na hayakuonekana. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 35 kila mara, au ikija chini ya mara nane kwa mwaka, ni moja. Ndevu ngumu za kidevuni ni la pili. Kwa hiyo ultrasaundi safi haiwezi peke yake kuliondoa jina hilo, sembuse ya juu ya tumbo, ambayo kwa msichana asiyeolewa ndiyo tunayoitumia na ambayo vile vifuko vidogo haivihesabu vizuri.

Kipimo cha damu nacho kilichukuliwa wakati mbaya. Vidonge vile vyenye homoni mbili hutuliza ovari, na tena hulifanya ini litoe kwa wingi protini inayoishika testosteroni, basi karatasi hutoka nzuri hata kama tatizo lipo. Hedhi uliyoiona ilikuwa ni ya vidonge. Tunamtaka mgonjwa akae miezi mitatu bila vidonge ndipo damu ichukuliwe, na wewe umebakisha wiki chache. Waombe wapime testosteroni pamoja na hiyo protini, tezi ya shingo, prolaktini, na homoni ya 17-OHP, ambayo huchukuliwa asubuhi ili kuondoa shaka ya tatizo la kuzaliwa nalo la tezi zilizo juu ya figo.

Wembamba haukukingi. Nieleze, shingo yako nyuma ikoje?

BintiWete27

Bibi, umejuaje? Tangu nikiwa darasa la tisa nina weusi nyuma ya shingo na kwapani, mama alikuwa akinisugua kwa dodoki na ndimu mpaka ngozi inawaka, akidhani sikogi vizuri.

Mkunga_Ngambo

Weusi ule wenye kuhisi kama mahameli ukiupapasa si uchafu. Ni alama kuwa mwili hauitikii insulini sawasawa, na kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi. Insulini hiyo nyingi huzihimiza ovari kutengeneza homoni za kiume, na wakati huo huo huipunguza ile protini ya ini, basi testosteroni iliyo huru huongezeka kwa njia mbili. Dada wa Darajani hakukosea kuitaja sukari, ila chai peke yake si chanzo. Omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili, kwa sababu sukari ya asubuhi peke yake huweza kuwa nzuri na ikaficha.

Jambo moja usilisubirie nywele: miezi mitatu isipite bila damu. Ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa ndani, na ukiachwa hivyo kwa miaka huleta damu nyingi na hata saratani. Daktari anaweza kukupa vidonge vya projesteroni kwa siku kumi ili damu ishuke, na siku za mwanzo za damu hiyo ndizo nzuri za kupimia homoni.

Na kama dalili hizi zingekuja kwa miezi michache tu, sauti ikawa nzito na misuli ikajaa, nisingekuambia usubiri wiki hata moja, maana hapo tunaogopa uvimbe unaotoa homoni. Zako ni za miaka minne.

Shoga_wa_Darajani

Nimefahamu kuhusu unene. Lakini la kuzaa nimelisikia kwa watu wengi.

Mkunga_Ngambo

Yai linapotoka mara tano kwa mwaka badala ya kumi na mbili, mimba huchelewa, na wengine huhitaji dawa ya kulipevusha, kama letrozoli. Kuchelewa si utasa. Nimewapokea wengi wao chumba cha kujifungulia, na wengine walikuja na mimba wasiyoitarajia kwa sababu waliambiwa hawazai.

BintiWete27 (wiki saba baadaye)

Nimerudi na majibu. Nilipewa vidonge vya siku kumi, damu ikaja siku ya nne baada ya kuvimaliza, nikapimwa asubuhi ya siku ya tatu ya hedhi. Testosteroni imezidi kidogo tu, lakini ile protini iko chini sana, na daktari huyu wa sasa amesema hapo ndipo penye jibu. Tezi, prolaktini na 17-OHP hazina tatizo. Sukari ya asubuhi ilikuwa 5.2, na baada ya saa mbili ikafika 8.6, ambayo si kisukari lakini imevuka 7.8. Ameandika PCOS kwenye kadi bila kurudia ultrasaundi. Nimeanza metformini, dawa ya kuusaidia mwili uitikie insulini, nusu gramu pamoja na chakula cha usiku, na wiki ya kwanza tumbo lilinisumbua vibaya.

Lililobaki ni kichwa. Kuna dawa ya kuzuia homoni za kiume, spironolaktoni, lakini amenikatalia kwa sababu nataka mimba mara tu baada ya harusi. Amenitajia minoksidili ya kupaka. Jee, nianze?

Mkunga_Ngambo

Amefanya sawa kukukatalia ya kwanza, kwani inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Ya kupaka nayo haitumiki wakati wa ujauzito. Faida yake huonekana baada ya miezi minne hadi sita, wiki za mwanzo nywele huweza kutoka zaidi, na ukiiacha, ulichokipata huondoka. Ikichuruzika kwenye paji huotesha nywele usoni, kwa hiyo huachwa ikauke kabisa kabla ya kulala au kuvaa ushungi. Ukihesabu miezi hadi Mfungo Tatu, utaona hesabu haikupendelei.

MamaWawili_Mkoani

Mimi ningeanza na kizazi, nywele zina ushungi.

BintiWete27

Bi Mkubwa, ushungi nauvua nyumbani, na huko ndiko atakakoniona huyo mume. Nimempa mchumba wangu habari zote jana usiku kwa simu, naye ameniuliza swali moja tu, kama ile metformini nimekwisha kuinywa. Suala la minoksidili bado sijakata shauri.