Tupeane uzoefu: pafyumu za kupima, kuanzia chupa moja ya mililita 100

Mgeni wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Wanaouza pafyumu za kupima naomba tupeane uzoefu. Hesabu yangu iko hivi: nanunua chupa ya mililita 100 kwa 180,000, natoa vichupa 20 vya mililita 5, kila kimoja nauza 12,000. Inakuja 240,000, faida elfu sitini. Baadaye nataka nichanganye harufu yangu mwenyewe. Nimekosea wapi?

Mama Kipimo
Umekosea kwenye hiyo 20, mwanangu. Chupa ya 100 haitoi vichupa 20 vya kuuza. Kuna inayobaki chini ambayo mrija haufikii, kuna inayoingia hewani ukijaza, na kuna ya kuwanusisha wateja, maana hakuna anayenunua bila kunusa. Weka 18.

Sasa ongeza vitu ulivyovisahau. Kichupa cha kioo chenye pampu weka 1,000, lebo na kifungashio 500. Vichupa 18 ni 27,000, jumla umetoa 207,000. Ukiuza vyote kwa 12,000 unapata 216,000. Faida yako ni elfu tisa, na kichupa kimoja kikimwagika njiani inageuka hasara.

Uza 16,000. Vyote vikiisha ni 288,000, faida 81,000. Lakini jua kwamba hela yako inarudi ukishauza kichupa cha 13, na faida yote iko kwenye vile vitano vya mwisho, ambavyo ndivyo vinavyochelewa. Kwa hiyo usinunue chupa tatu kwa mpigo. Nunua ambayo watu kumi wameshaiulizia.

Dalali wa Manzese
16,000 Mbagala nani atanunua? Watu wanapimiwa ya 3,000 barabarani.

Mama Kipimo
Ile ya 3,000 ni mafuta ya kufananisha yaliyochanganywa na alkoholi. Ni biashara halali, ila ni bidhaa nyingine. Ukiziweka zote mbili kwenye meza moja bila kuzitenganisha, mteja ataona ile ya 16,000 ni wizi.

Kaka Tindo
Kwenye kuchanganya msimtishe kijana. Ni kazi rahisi: mafuta 20, alkoholi 80, tikisa, kaa wiki mbili. Alkoholi chukua ile ya kunawia mikono duka la dawa, bei poa, alkoholi ni alkoholi. Na ukitaka ikae siku nzima panda mpaka mafuta 40.

Fundi Mizani (Mombasa)
Kaka Tindo, kukaa wiki mbili uko sawa, wengine tunasubiri hata nne. Hayo mengine ngoja niyanyooshe.

Ile ya kunawia mikono kwa kawaida ni asilimia 70, sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Mafuta ya pafyumu hayayeyuki kwenye maji, ndiyo maana mchanganyiko unageuka mweupe kama tui lililopunguzwa. Ukiona hivyo, kusubiri hakusaidii. Nyingine si ethanoli kabisa bali alkoholi ya aina nyingine, isopropili, ambayo ina harufu yake kali inayofunika mwanzo wa pafyumu. Tafuta ethanoli ya asilimia 95 au 96 inayouzwa kwa ajili ya vipodozi. Spiriti ya kusafishia rangi usiiguse: huenda ina methanoli, na hiyo ni sumu hata kwa kupita kwenye ngozi na kwa kuvuta hewa.

Pili, 20 kwa 80 ya nini? Ukipima kwa mililita, zile 80 za ethanoli zina uzito wa gramu 64 hivi tu, maana ni nyepesi kuliko maji. Kwa uzito mafuta yako yamefika karibu asilimia 24. Leo umepima kwa bomba la sindano, kesho kwa mizani, harufu mbili tofauti na mteja anakwambia umeichakachua. Chagua mizani ya kusoma gramu 0.01 na ubaki nayo. Anza na kidogo: gramu 6 za mafuta, gramu 24 za ethanoli. Iandike kwenye daftari na tarehe, na namba hiyohiyo uiweke kwenye lebo. Ikikaa wiki zake, iweke kwenye friji usiku kucha, ukiona vumbi au utando, ichuje ikiwa bado baridi kwa karatasi ya kuchujia kahawa.

Na kuongeza mafuta hakuifanyi ndimu ikae. Ndimu na chungwa huruka upesi hata ukiweka nyingi. Kinachokaa ni miski, sandali, ambari, udi. Asilimia 40 inaacha madoa kwenye kanzu nyeupe, na pampu huziba.

Bi Asumini
Mimi niko Maskati, nauza udi wa kufukiza na vichupa vya kuviringisha vyenye gololi mdomoni, vya mafuta matupu. Mwanangu, udi wa kufukiza uupakie kwenye kopo la bati, usiuweke kwenye nailoni, unakauka.

Mgeni wa Mbagala
Shikamoo bibi. Mimi ni za kupuliza, si za kufukiza, ila hilo la vya kuviringisha nalichukua. Havivuji?

Bi Asumini
Marahaba. Vinavuja, tena sana, kama gololi haikukaa sawa. Bonyeza mpaka usikie mlio, kisha ulaze kichupa juu ya karatasi ya chooni usiku mmoja. Asubuhi ukiona doa, usikiuze.

Mama Kipimo
Fanya hivyohivyo na vya kupuliza. Usijaze mpaka shingoni: alkoholi hutanuka kwa joto, na buti la basi saa nane mchana ni tanuri. Nunua kichupa chenye nafasi ya ziada juu ya alama ya 5. Na kiwe kioo, plastiki nyepesi hupasuka kwa mafuta baada ya wiki chache. Ukitaka kuhakikisha ujazo, weka kichupa kitupu kwenye mizani, irudishe isome sifuri, jaza mpaka gramu 4.2 hivi. Hizo ni kama mililita 5.

Dalali wa Manzese
Kwenye maelezo mimi naandika "inakaa masaa 24". Wote wanaandika hivyo.

Fundi Mizani (Mombasa)
Ndiyo maana wateja hawarudi. Wapulize watu watatu tofauti saa mbili asubuhi, watembee juani, uwaulize saa nne, saa saba, saa kumi. Kisha andika ulichokipata: "inafungua na ndimu kwa robo saa, katikati asumini, mwisho sandali, kwenye ngozi inakaa kwa muda wa saa 4 mpaka 6, kwenye nguo zaidi". Kama ina karafuu nyingi au mafuta ya ndimu ya kukamua, sema. Karafuu huwasha ngozi laini, na ndimu ikikutana na jua inaweza kuacha alama nyeusi.

Dalali wa Manzese
Na jina? Nikiandika "inafanana na" halafu jina la kampuni?

Fundi Mizani (Mombasa)
Mimi siandiki jina la mtu kwenye lebo. Naelezea harufu.

Mama Kipimo
Mimi kwenye WhatsApp nataja, mteja akiuliza, ila lebo ina jina langu na neno "mafuta ya kufananisha". Bila jina lile hajui aanzie wapi. Hapo mimi na Fundi hatujawahi kukubaliana. Kwa ile halisi uliyoipima, lebo iseme "imepimwa kutoka chupa halisi", na chupa yenyewe na boksi viwepo mezani avione. Na hiyo unayochanganya mwenyewe, kabla hujaipeleka madukani pita TBS uulize usajili wa vipodozi.

Mgeni wa Mbagala
Nimeelewa. Nitaanza na chupa moja kwa 16,000, na mchanganyiko wa gramu 30 pembeni. Swali la mwisho: mabasi yanapokea vifurushi vyenye alkoholi?

Kaka Tindo
Mengine yanapokea, mengine wanakataa wakisikia harufu. Ulizia kabla hujafunga.